Kufuta oda iliyothibitishwa kabla mzigo haujapakiwa: kianzio kinarudi kiasi gani?

"Kaka, shikamoo. Nipo Kibaigwa. Mwezi wa pili niliagiza Dar mashine ya kukamua alizeti, mota yake, chujio na tangi la lita 1,000 la kutengenezwa kwa vipimo vyangu, jumla shilingi milioni 18. Nimelipa asilimia 40 na wakanithibitishia oda, mzigo utoke mwisho wa Aprili. Sasa kuvuta umeme wa njia tatu hadi kwenye kiwanja changu imekuwa gharama nisiyoiweza mwaka huu, na dizeli nimepiga hesabu hailipi. Nataka kufuta oda. Nyuma ya profoma wameandika 'oda ikifutwa, makato asilimia 15'. Hela yangu itarudi? Na niwaandikieje?"

Marahaba, dada. Barua nitakupa, lakini leo hii, kabla hujaandika chochote, wapigie simu. Uliza jambo moja tu: oda yangu imefikia hatua gani, kitu kwa kitu? Mashine ipo stoo au bado iko bandarini? Mota imeshatengwa? Tangi limeanza kukatwa? Gari limeshatafutwa? Kisha waombe, kwa sauti ya kawaida tu, fundi wa tangi asimame mpaka barua yako iwafikie. Habari ya pesa usiigusie kwenye simu hiyo. Mtu wa mauzo akianza kusema makato ni kiasi fulani, mwambie utaomba mchanganuo kwa maandishi, mshukuru, kata simu. Halafu chukua karatasi uandike tarehe, saa, jina la uliyeongea naye na kila alichosema.

Nasisitiza simu kwa sababu hasara ya oda inayofutwa inakua kila saa fundi anapoendelea kufanya kazi. Bati ambalo halijakatwa lina bei yake kamili sokoni. Likishakatwa kwa vipimo vyako, ni vipande vya kumtafutia mteja mwingine. Tofauti ya mchana mmoja inaweza kuwa laki kadhaa, na laki hizo zitatoka kwenye kianzio chako.

Lakini simu peke yake haitoshi, na hili nililijua kwa maumivu. Miaka ya mwanzo nikiwa afisa manunuzi wa hoteli moja hapa Dodoma mjini, niliagiza magodoro kutoka Dar, kisha mwenye hoteli akabadili mpango. Nikamtumia mtu wa mauzo ujumbe mfupi: "Naomba tusitishe kwanza ile oda." Akajibu "sawa bosi". Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi ananiamsha, roli limepaki getini. Mtu wa mauzo alikuwa ameelewa kwamba tumeomba siku mbili za kujipanga, na mtunza stoo hakuambiwa lolote. Tulilipa nauli ya kuja, nauli ya kurudi na kupakua, na muuzaji alikuwa na haki ya kila senti.

Ndiyo maana neno lenyewe nalipa uzito. Kwa Kiswahili chetu cha biashara, "kusitisha" kunaweza kuwa kusimamisha kwa muda, na "kuahirisha" ni kusogeza siku. Ukiandika lolote kati ya hayo, muuzaji anaweza kuendelea kukutunzia mzigo akijua utauchukua, na mwisho akudai gharama ya kuuhifadhi. Andika "nafuta oda", taja namba yake na tarehe, useme na usipakiwe mzigo wowote. Barua iende kwa mtu wa mauzo, nakala kwa meneja wake na kwa mhasibu, maana anayepakia na anayerudisha pesa mara nyingi hawakai ofisi moja.

Sasa tuangalie unasimama wapi, kwa sababu sauti ya barua inatokana na hapo. Profoma peke yake ilikuwa ni bei wanayokutajia. Ulipoikubali, ukalipa, nao wakakuthibitishia, huo ukawa mkataba, hata kama hakuna mwanasheria aliyeugusa. Kwa hiyo huna haki ya kuufuta upande mmoja kama vile haukuwepo. Unachofanya ni kuwaarifu kwamba hutapokea mzigo na kuwaomba mmalizane kwa gharama za haki. Wakikataa kabisa, wanaweza kukudai hasara waliyoipata. Hasara hiyo, si bei nzima ya vitu ambavyo bado wanavyo stoo na wanaweza kumuuzia mwingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, na inataka njia alizokuwa nazo za kuipunguza hasara hiyo zizingatiwe pia. Kifungu cha 74 kinasema kwamba pale mkataba ulipotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, anayedai anastahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kile. Maana yake kwako ni kwamba ile asilimia 15 ni dari. Muuzaji anaweza kuifikia ikiwa hasara yake inafika huko, lakini haimpi ruhusa ya kuikata bila kueleza.

Dari hiyo inakubana kwa sababu moja: iliandikwa kwenye profoma uliyopokea kabla ya kulipa. Ingekuwa imeandikwa kwenye risiti tu, yaani karatasi uliyopewa baada ya pesa kwenda, ningekushauri useme waziwazi kwamba hukuwahi kuikubali. Wewe uliikubali, kwa hiyo tusibishane juu ya kuwepo kwake. Tutabishana inakatwa kwenye nini na kwa nini ifike 15.

Kuna mstari mwingine wa kuangalia kabla ya lolote: mahali ambapo mzigo unahesabika umekufikia. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji aliyeruhusiwa kukutumia mzigo akimkabidhi msafirishaji ili akuletee, kwa kawaida huhesabiwa amekukabidhi wewe, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Mwenye biashara wa Kibaigwa anadhani mzigo bado haujafika kwa kuwa haujapita Gairo, kumbe kisheria ulishakuwa mikononi mwake ulipofungwa turubai Dar. Baada ya hapo hatuzungumzii tena kufuta oda, tunazungumzia kurudisha mzigo, na gharama zake ni za aina nyingine kabisa. Wewe bado uko upande ulio salama. Usiutoke.

Tuje kwenye ile milioni 7 na laki 2 uliyolipa. Swali la kwanza ni jina lake. Wazee wetu wa biashara walitofautisha arbuni na kianzio, na tofauti hiyo ina maana mpaka leo. Arbuni ni pesa ya kushikia neno: unaitoa ili muuzaji akutunzie kitu, ukirudi nyuma anabaki nayo. Kianzio, au malipo ya awali, ni sehemu ya bei iliyotangulia, na oda ikifa ni pesa yako, ikishatolewa hasara halali ya muuzaji. Soma profoma na risiti. Kama zimeandika "amana isiyorudishwa" au maneno ya aina hiyo, muuzaji ana hoja nzito, hasa kiasi kikiwa kidogo kama asilimia 5 au 10. Kama zimeandika "malipo ya awali 40%", hilo ni fungu la bei, tena fungu kubwa, na mtu hawezi kulimeza lote kwa jina la desturi. Ile sentensi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" inayopigwa chini ya risiti karibu zote isikutishe. Hiyo inahusu mali iliyotoka dukani. Yako haijatoka.

Halafu kuna makato ya kurudisha mzigo stoo, na hapa ndipo watu wengi wanapolipa bila kujua wanalipia nini. Makato haya yana sababu ya kweli. Mzigo uliokwenda kwa mteja ukarudi unahitaji mtu wa kuupokea, kuukagua kama haujaguswa, kuufunga upya, kuuingiza tena kwenye vitabu na kuurudisha mahali pake. Wakati mwingine hauwezi kuuzwa tena kama mpya. Sasa jiulize: mashine yako haijatoka stoo, itarudishwaje? Pengine ilitengwa pembeni na kubandikwa jina lako, na mtu alitumia nusu saa kuikagua. Hiyo ni gharama, lakini ni ndogo. Mwulize muuzaji moja kwa moja makato yanalipia kazi ipi iliyokwisha fanyika.

Nimefanya kazi upande wa wauzaji pia, kwa hiyo niseme na upande wao, kwa sababu ukiuelewa utaandika barua nzuri zaidi. Muuzaji anaweza kuwa aliiagiza mashine hiyo kwa ajili yako tu, kwa pesa ya mkopo. Anaweza kuwa alimkatalia mteja mwingine kwa kuwa ya mwisho ilikuwa na jina lako. Anaweza kuwa alishamlipa mtu wake wa mauzo kamisheni ya oda hii. Hizo ni hasara za kweli, na akizionyesha, zikubali. Lakini kuna jambo linalokufaa: kalenda. Alizeti ya kwetu huku Dodoma na Singida huanza kuvunwa kwa wingi kuanzia Mei, na mashine za kukamua hutafutwa kabla ya hapo. Ukifuta sasa, kabla ya msimu, muuzaji ana nafasi nzuri ya kuiuza mashine yako kwa bei ile ile. Ukichelewa mpaka Agosti, atabaki nayo hadi msimu ujao na hoja yake itakuwa na nguvu. Ndiyo sababu nyingine ya kutolala na jambo hili.

Tangi ni kesi ya peke yake. Mashine, mota na chujio ni vitu vya stoo, mteja yeyote anavinunua. Tangi ni la vipimo vyako, na hakuna stoo ya kulirudisha. Kwa kitu cha kutengenezwa, muuzaji ana haki ya gharama ya kilichokwisha fanyika: malighafi iliyokatwa na saa za fundi. Malighafi ambayo haijaguswa ni yake, ataitumia kwa kazi nyingine. Na kama tangi limeshakamilika, dada, afadhali ulichukue. Utalilipia karibu lote hata hivyo, na tangi la stenlesi la lita 1,000 lina wanunuzi Kibaigwa hapo hapo kwa wenye mashine tayari.

Sababu ya kufuta iseme mara moja, kweli, kwa sentensi mbili. Umeme wa njia tatu haujafika na gharama ya kuuvuta huiwezi mwaka huu. Basi. Ukieleza mambo ya familia, ya mkopo na ya shemeji aliyejitoa, unampa muuzaji kurasa za kujibu na unapoteza ombi lako katikati. Usitafute kosa la muuzaji ambalo halipo ili uonekane una haki. Lakini kama kosa lipo, kwa mfano mlikubaliana mzigo utoke tarehe fulani kwa maandishi nao wakaipitisha, hilo liseme kwa tarehe zake, kwa sababu hapo msimamo wako unabadilika kabisa. Kwa maelezo yako, hawajachelewa. Basi barua iwe ya mtu anayeomba, anayejua anachoomba.

Neno moja la hatari: usiandike "nipo tayari kubeba gharama zote". Watu huandika hivyo kwa adabu, na mhasibu wa upande wa pili analisoma kama ahadi. Andika kwamba upo tayari kuzungumzia gharama halisi walizokwisha kuingia mpaka siku ya barua, kwa vielelezo. Hiyo nayo ni adabu, na ina mpaka.

Barua yenyewe ingekuwa hivi. Badilisha namba na tarehe, maneno mengine unaweza kuyaacha yalivyo:

*YAH: KUFUTA ODA NAMBA ____ YA TAREHE ____ KABLA YA KUPAKIWA*

*Ndugu Meneja Mauzo,*

*Nikirejea mazungumzo yetu ya simu ya leo saa ____ na ndugu ____, ninaandika kuwaarifu kwamba ninafuta oda iliyotajwa hapo juu, yenye mashine ya kukamua alizeti, mota, chujio na tangi la lita 1,000, thamani yake ikiwa shilingi 18,000,000. Ninaomba mzigo huu usipakiwe, na kazi ya tangi isimame tangu mtakapopokea barua hii.*

*Sababu ni kwamba umeme wa njia tatu haujafika kwenye eneo langu, na gharama ya kuuvuta imezidi uwezo wangu kwa mwaka huu. Bila umeme huo mota na mashine havitafanya kazi. Sababu hii haitokani na kosa lolote la kampuni yenu, na ninawaomba radhi kwa usumbufu.*

*Nililipa malipo ya awali ya shilingi 7,200,000 tarehe ____, risiti namba ____. Ninatambua kwamba huenda mmeshaingia gharama kwa ajili ya oda hii, na nipo tayari kuzungumzia gharama halisi zilizokwisha tumika hadi leo. Ili tumalizane vizuri, ninaomba mnijibu kwa maandishi kabla ya tarehe ____ mambo yafuatayo: kila kitu kwenye oda kimefikia hatua gani, makato ya kurudisha mali stoo mnayahesabu kwa kiwango gani, kwenye vitu vipi, na yanalipia kazi ipi, malighafi na ufundi wa tangi vimegharimu kiasi gani mpaka sasa, pamoja na nakala za stakabadhi, na baki la malipo yangu litarudishwa lini na kwa njia gani.*

*Iwapo mna mteja anayehitaji mashine hii msimu huu, sina pingamizi muiuze mara moja, na ninaomba hilo lizingatiwe katika hesabu ya makato.*

*Wenu katika biashara,*
*____*

Siku saba za kujibu zinatosha. Itume kwa barua pepe, kisha piga picha barua hiyo hiyo uitume WhatsApp kwa mtu wa mauzo, na uombe ajibu "nimepokea". Alama mbili za buluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa, lakini neno la mtu aliyepokea lina uzito zaidi siku ya ubishi.

Ile aya ya mwisho kuhusu mteja mwingine usiifute. Inamfungulia muuzaji mlango wa kupunguza hasara, na inabaki kwenye kumbukumbu kwamba ulimfungulia.

Tuchukulie sasa jibu limekuja. Kwa oda kama yako nimeona majibu ya namna hii mara nyingi, basi tuweke bei za kulingana na jumla yako: mashine 9,500,000, mota 2,400,000, chujio 3,800,000 na tangi 2,300,000. Muuzaji anaandika: makato asilimia 15 ya oda yote, yaani 2,700,000, tangi limeshaanza, kwa hiyo unalipa bei yake yote, 2,300,000, jumla milioni 5, tunakurudishia 2,200,000.

Isome taratibu. Kosa la kwanza ni kwamba tangi limetozwa mara mbili. Bei yake nzima imedaiwa, na bado iko ndani ya ile milioni 18 iliyokatwa asilimia 15. Vitu vya stoo peke yake ni 15,700,000, na asilimia 15 yake ni 2,355,000. Kwa kuonyesha hilo tu umeokoa 345,000 bila kugombana na mtu. Mara nyingi si ujanja, ni mhasibu aliyezidisha jumla ya chini ya karatasi. Mwonyeshe hesabu kwa heshima naye atarekebisha.

La pili ni tangi lenyewe. "Limeanza" si "limekwisha". Tuseme stakabadhi walizokutumia zinaonyesha bati lililokatwa ni la 780,000 na ufundi wa siku mbili ni 150,000, lakini bomba na vali bado viko kwenye boksi. Gharama ya tangi basi ni 930,000. Vipande vilivyokatwa waombe vihesabiwe thamani yake au upewe wewe, kwa kuwa utakuwa umevilipia. Na ukiambiwa tangi limeanza, omba picha. Fundi anayefanya kazi kweli hukosi kupata picha yake ndani ya saa moja.

La tatu ni kiwango cha 15. Hapa huna fomula, una mazungumzo. Mali haijatoka stoo, msimu unakuja, umewaarifu mapema na umewaruhusu wauze. Omba asilimia 5, ambayo kwa vitu vya stoo ni 785,000. Ukijumlisha na tangi inakuwa 1,715,000, na baki lako ni 5,485,000. Wakishikilia 15 yao mpaka mwisho, pamoja na tangi makato yangefika 3,285,000, lakini ile dari ni asilimia 15 ya oda yote, yaani 2,700,000, kwa hiyo baki ni 4,500,000. Kwa hiyo, kwa mfano huu, mazungumzo yenu yote yako kati ya milioni 4.5 na milioni 5.5. Wakikupa chini ya hapo, usisaini. Wakikupa 10 katikati, mimi ningekubali siku hiyo hiyo, kwa sababu pesa iliyoko mkononi mwa mtu mwingine kila wiki inazidi kuwa ngumu kurudi.

Huenda wakakwambia pesa hairudi taslimu ila itabaki kwao kama salio lako la kununulia kitu kingine. Kwa mtu anayenunua kwao kila mwezi hilo ni sawa, na unaweza kulitumia kuwashawishi: makato kidogo, salio kubwa. Kwako sioni faida yake, kwa kuwa umeme haujulikani utafika lini na bei ya mashine mwaka ujao haiko mikononi mwako. Ukilazimika kulichukua, basi liandikwe kwa shilingi, litajwe muda wake wa kuisha, na iandikwe kwamba lisipotumika litarudishwa taslimu.

Kuhusu risiti, bila shaka walipopokea milioni 7.2 walikutolea risiti ya EFD. Iweke, usiwarudishie ile halisi mpaka pesa iingie, wape nakala. Mauzo yale yameshaingia kwenye hesabu zao za kodi, na wanahitaji kuyarekebisha kwa hati ya marekebisho inayotaja namba ya risiti ya kwanza. Wauzaji wengine huchelewesha marejesho wakisema "VAT ilishalipwa". Kama ililipwa, kuirekebisha ni kazi ya mhasibu wao, na barua yako ya kufuta oda ndiyo kielelezo anachokihitaji. Waulize kama anahitaji kingine kutoka kwako, mpe, na uombe tarehe.

Mkishakubaliana, andikeni ukurasa mmoja wenye namba ya oda, kiasi kilicholipwa, makato kwa kila kitu, baki, tarehe ya kurudisha, na namba ya akaunti. Pesa irudi kwenye akaunti ile ile iliyotoka, kwa jina lile lile. Usikubali ipitie kwenye simu ya mtu wa mauzo, hata awe mtu mwema kiasi gani. Mwisho wa ukurasa huo pawe na sentensi inayosema kwamba baada ya malipo hayo hakuna upande unaomdai mwingine kwa oda hiyo. Sentensi hiyo inawalinda ninyi wote wawili, na wao pia huipenda.

Na kama ulishapatana na mwenye roli wa kukuletea mzigo huo, mpigie leo baada tu ya kuwapigia Dar, umtumie na ujumbe wenye tarehe. Yeye hayumo kwenye barua hii, na mtunza stoo asiyepata habari akimwona getini na namba ya oda mkononi, atampakia.